Jina kwenye kioo si la duka: utatuzi wa malipo ya QR, kabla na baada ya namba ya siri

Katika malipo ya QR mteja ana sekunde chache tu za kuilinda hela yake. Zinaanza pale jina la mpokeaji linapotokea kwenye kioo cha simu, na zinaisha anapobonyeza tarakimu ya mwisho ya namba ya siri. Kabla ya hapo hakuna kilichokatwa, hata kama umeskani stika ya mtu wa Mbeya ukiwa Tanga. Baada ya hapo hela imeshaondoka, na kuirudisha kunategemea watu wengine: aliyeipokea, mtandao wako au benki yako, na kama bado ipo pale ilipoangukia.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili, yaani kile unachokiona wewe ukiwa umesimama kwenye kaunta. Mazingira ni ya Tanzania, kwenye stika za lipa namba tunazolipia kila siku. Kwanza, kwa ufupi, kilichomo ndani ya ile stika, kwa sababu matatizo mengi yanaeleweka ukishakijua.

Kile ambacho kamera inasoma

Ule mraba wenye vidoti hauna hela ndani yake wala hauna siri. Ni maandishi tu. Benki Kuu ya Tanzania imeweka kiwango kinachoitwa TANQR, kilichojengwa juu ya muundo wa kimataifa wa EMVCo, ili stika moja iweze kulipiwa kutoka mtandao au benki yoyote. Kiwango cha Kenya, kilichozinduliwa na Benki Kuu ya nchi hiyo Mei 2023, kina msingi huohuo. Ukiisoma stika ya namna hii kwa kamera ya kawaida badala ya programu ya malipo, utaona mstari mrefu unaoanza na 000201. Hapa nimeukata vipande na kuacha baadhi, kwa duka la kubuni:

```
000201
010211
5303834
5802TZ
5917DUKA LA MAMA SUDI
6013DAR ES SALAAM
```

Kila kipande kina namba mbili za kukitambulisha, kisha namba mbili za urefu, kisha habari yenyewe. Kipande cha 53 ni sarafu, na 834 ni shilingi ya Tanzania. Kipande cha 59 ni jina la mfanyabiashara, na ile 17 inasema jina lina herufi kumi na saba, nafasi zikihesabiwa. Kipande cha 01 kikiwa na 11, stika ni ya kudumu na kiasi unaandika mwenyewe. Kikiwa na 12, msimbo umetengenezwa kwa ajili ya malipo mamoja, na kiasi huwa kimo ndani tayari kwenye kipande cha 54.

Mwishoni kabisa huwa kuna kipande cha 63, chenye alama nne za uhakiki, za tarakimu au herufi. Hizi zinaiambia simu kama msimbo umesomwa mzima au umesomwa nusu kwa sababu stika imechakaa. Hazisemi nani ameutengeneza. Mtu yeyote mwenye kompyuta na nusu saa anaweza kutengeneza msimbo uliokamilika, wenye uhakiki sahihi, wenye jina la duka lako kwenye kipande cha 59 na namba yake mwenyewe kwenye kipande cha akaunti.

Hivyo kuna majina mawili. Moja limeandikwa ndani ya stika, na yeyote anaweza kuliandika. La pili limo kwenye kumbukumbu za mtandao au benki iliyomsajili mfanyabiashara, na hilo hutokea pale mfumo unapoulizwa lipa namba hii ni ya nani. Jina la kuliamini ni la pili. Kwa kawaida ndilo linalotokea kwenye ukurasa wa mwisho, ule unaokuomba namba ya siri, na si lile linalochomoza papo hapo kamera inaposhika.

Dalili: kamera inasoma, lakini malipo hayafunguki

Mara nyingi umeskani QR isiyokuwa ya malipo. Kwenye kaunta moja unaweza kukuta QR ya lipa namba, QR ya ukurasa wa Instagram wa duka, na risiti ya EFD iliyoachwa na mteja aliyetangulia. Risiti ya EFD nayo ina QR, lakini hiyo inakupeleka kwenye ukurasa wa TRA wa kuhakiki risiti, verify.tra.go.tz. Si kosa kubwa, skani upya.

Kitu cha kuangalia ni pale QR inapokufungulia kivinjari na ukurasa unaokuomba namba ya simu na namba ya siri "ili kukamilisha malipo". Hapo funga. Lipa namba hulipiwa ndani ya programu ya mtandao wako au benki yako, au kwenye menyu ya simu. Namba ya siri haiandikwi kwenye tovuti uliyoletewa na stika.

Kama programu inakuambia msimbo si sahihi na una hakika ni wa malipo, sababu ni mojawapo ya mbili. Ama stika imekwaruzika au inang'aa kwa taa, na kivuli cha kiganja kinatosha kulitatua hilo. Ama ni stika ya zamani, ya mfumo wa kampuni moja tu, iliyochapwa kabla kampuni hiyo haijaingia kwenye TANQR. Kwa hiyo ya pili usihangaike na kamera. Andika lipa namba kwa mkono.

Dalili: jina linalotokea halifanani na la duka

Hapa ndipo watu wanapokwama, na hapa ndipo wanapozoea vibaya. Ukweli ni kwamba jina lisilofanana mara nyingi lina sababu halali, na kwa kuwa ni mara nyingi, mteja anajifunza kutolisoma kabisa. Matapeli wanaishi humo.

Sababu halali ya kwanza ni usajili. Duka linaitwa Nyota Njema kwenye kibao, lakini mwenye duka alijisajili kwa jina lililo kwenye leseni au kwenye kitambulisho chake, kwa hiyo kioo kinaonyesha jina la mtu. Ya pili ni urefu. Kipande cha jina kwenye QR kina nafasi 25 tu. Tuseme duka limesajiliwa KILIMO BORA PEMBEJEO NA VIFAA VYA UJENZI, utakachokiona ni KILIMO BORA PEMBEJEO NA V, na hapo jina linakatika. Jina lililokatika mwishoni halina shida. Jina linaloanza tofauti ndilo la kuulizia. Ya tatu ni biashara kubadili mikono: fremu imeuzwa, mwenye mpya ameingia, stika ya wa zamani bado iko ukutani na hela bado zinamwendea wa zamani. Hiyo ni sababu halali kwa maana kwamba hakuna aliyekusudia kuiba, lakini hela yako itapotea vilevile.

Sasa namna ya kutofautisha. Usimuulize muuzaji "hili jina ni lenu?" huku ukimwonyesha kioo, kwa sababu ataangalia nusu jicho na kusema ndiyo ili foleni isogee. Muulize kinyume chake: "Kaka, stika yenu inatoa jina gani?" Anayepokea malipo kwa lipa namba kutwa nzima analijua jina hilo kama anavyojua bei ya sukari. Akilitaja mwenyewe na likalingana na lililo kwenye kioo chako, endelea. Akisita au akataja jingine, usibonyeze kitu.

Kipimo cha pili hakihitaji kumuuliza mtu. Chini ya QR nyingi imechapwa lipa namba yenyewe kwa tarakimu. Ukishaskani, programu inakuonyesha namba unayoilipa. Zilinganishe, hata tarakimu tatu za mwisho tu. Anayebandika QR yake juu ya QR ya duka mara nyingi hubandika kipande kidogo kinachofunika ule mraba pekee, akaiacha namba iliyochapwa chini ilivyo, ili stika isionekane imeguswa. Namba iliyo kwenye kioo ikiwa tofauti na iliyochapwa, umeshamkamata.

Pitisha pia ukucha kwenye pembe ya mraba. Stika halisi imechapwa kama kitu kimoja, haina ukingo katikati. Ukihisi kingo ya karatasi juu ya karatasi, mwambie mwenye duka kabla hujalipa. Kuna maduka ambayo wenyewe wamebandika stika mpya juu ya ya zamani baada ya kuhama mtandao, kwa hiyo usianze kwa kumwita mtu mwizi. Mwambie tu kuna stika juu ya stika, yeye ndiye anayejua kama ni yake.

Na kipimo cha tatu, cha uhakika kuliko vyote, ni kuandika lipa namba kwa mkono. Kwa mtumiaji wa M-Pesa ni kupitia *150*00# na sehemu ya kulipa. Mitandao mingine ina menyu zao zinazofanana. Andika namba iliyochapwa, weka kiasi, na mfumo utakuletea jina kabla ya kuomba namba ya siri. Kama jina hilo ni lilelile lililotokea uliposkani, mraba na namba iliyochapwa ni vya mtu mmoja. Kama ni tofauti, kuna kitu hakiko sawa kwenye ule mraba. Ukiishia hapo bila kuweka namba ya siri hakuna kinachokatwa, kwa hiyo unaweza kujaribu hata kama hununui chochote. Mwenye duka angefanya hivi kila asubuhi anapofungua, kwa simu ya mtu mwingine, angekuwa ameziba tundu kubwa sana kwa dakika moja.

Neno kuhusu picha za QR zinazotumwa WhatsApp. Hapo huna stika ya kupapasa wala namba iliyochapwa unayoweza kuiamini, kwa sababu aliyeitengeneza picha amechapa vyote viwili. Unabaki na jina tu. Mpigie unayemlipa kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyotuma picha, akutajie jina kwa sauti.

Dalili: kiasi kimejijaza chenyewe

Hii ni QR ya malipo mamoja, ile yenye 12 na kipande cha 54. Utaikuta kwenye kioo cha mashine ya malipo au kwenye ankara. Kama kiasi kimejijaza lakini si chako, huenda umeskani ankara ya mteja aliyekutangulia, mashine haijabadilishwa. Rudi nyuma, muombe muuzaji atengeneze upya. Lakini stika iliyobandikwa ukutani kwa gundi haina sababu ya kuja na kiasi ndani yake. Ikija nacho, ichukulie kama jina lisilofanana.

Tatizo la upande wa pili ni la vidole: stika ya kudumu, kiasi unaandika wewe, na 4,850 inageuka 48,500. Jina sahihi, duka sahihi, kiasi kibaya. Hilo ni jepesi kuliko yote kwa sababu aliyepokea umesimama naye, na utaratibu wa kurudishiwa ni uleule nitakaoueleza mbele.

Dalili: umekatwa, muuzaji anasema hajapata

Usilipe mara ya pili. Ndilo kosa linalofanywa sana, na linafanywa kwa aibu, foleni ikiwa nyuma yako.

Fungua historia ya miamala kwenye programu yako, usitegemee meseji pekee kwa sababu meseji huchelewa. Utakuta moja ya hali tatu. Muamala umekamilika: hela imefika, na tatizo ni meseji ya muuzaji au simu ya muuzaji. Muamala umeshindikana: salio lako limerudi au halikuguswa. Au muamala unasubiri: hela imetoka kwako, jibu la upande wa pili halijarudi. Hiyo ya tatu hutokea zaidi unapolipa kutoka mtandao mmoja kwenda lipa namba ya mtandao mwingine au ya benki, kwa sababu malipo yanapita TIPS, mfumo wa Benki Kuu unaowaunganisha watoa huduma, na kila upande lazima ujibu.

Kama umekamilika, rudi kwenye jina. Mara nyingi "hajapata" maana yake ni kwamba aliyepata ni mwingine. Soma jina lililo kwenye meseji yako kwa sauti. Kama ni la duka, muuzaji aangalie salio la lipa namba yake au apige simu kwa mwenye duka, maana katika maduka mengi anayehudumia hana simu iliyosajiliwa. Yeye anasubiri tu bosi amwambie imeingia. Kama jina si la duka, shuka chini.

Dalili: umeshalipa, na jina ni la mtu mwingine

Nichukue mfano mmoja niupeleke mpaka mwisho. Tuseme Rehema yuko Kariakoo, kwenye fremu iliyogawanywa katikati. Kulia wanauza vifaa vya umeme, kushoto wanauza vifaa vya simu, kaunta ni moja ndefu na juu yake kuna stika mbili. Amenunua waya na swichi za 48,500. Anaskani stika iliyo karibu na mkono wake, anaandika kiasi, anaweka namba ya siri huku akiongea na mtu. Muuzaji wa vifaa vya umeme anasubiri, simu yake haiiti. Rehema anasoma meseji na kukuta jina asilolijua.

Kitu cha kwanza ni kutoondoka na kutofuta kitu. Anapiga picha ya kioo chenye meseji, kisha anapiga picha ya stika aliyoiskani pamoja na mahali ilipo. Kwenye meseji anatafuta namba ya muamala, ule mchanganyiko wa herufi na tarakimu. Hiyo ndiyo itakayoulizwa na kila mtu kuanzia sasa, na bila hiyo utasimulia hadithi nzuri isiyomsaidia yeyote.

Kitu cha pili ni kuangalia kama aliyepokea yuko karibu. Katika kosa la kuskani, tofauti na la kutuma kwa namba ya simu uliyoikosea, mpokeaji mara nyingi yuko ndani ya hatua kumi. Rehema anamgeukia wa kushoto: "Samahani kaka, stika yenu inatoa jina gani?" Jina ni lile. Kijana anayeuza anasema simu yenye lipa namba iko kwa bosi, na bosi yuko Mbagala. Hiyo ni kawaida. Bosi anapigiwa, anasomewa namba ya muamala, kiasi na saa, na anathibitisha kwenye orodha yake ya mapokezi kwamba 48,500 imeingia.

Hapo kuna njia mbili. Majirani wanaofahamiana wanaweza kumalizana wenyewe: kijana wa kushoto anampa wa kulia 48,500 taslimu kutoka kwenye droo, Rehema anachukua waya wake anaondoka. Ni haraka na ni sawa, ila kila mmoja aandike kwenye daftari lake namba ya muamala na kwamba umeshamalizwa hivyo. Njia ya pili ni bosi kuirudisha hela kwa simu. Airudishe kwenye namba ileile iliyolipa, si nyingine yoyote hata kama Rehema angesema ile ina matatizo. Na wakubaliane nani anabeba makato ya kurudisha. Kwa maoni yangu ni aliyekosea, kwa sababu mwenye stika hakumwita.

Sasa tuseme jina halijulikani na mtu yeyote pale. Hakuna mwenye fremu anayelijua, na pembe ya stika ina kingo. Rehema anapiga huduma kwa wateja ya mtandao wake, namba 100 kwa mitandao yetu mikubwa, au ya benki yake kama alilipia benki. Anaanzia kwa aliyetoa hela kwake, si kwa mtandao wa aliyepokea. Wa kwake ndio wanaomtambua kama mteja, na kama hela imevuka kwenda kwa mtoa huduma mwingine, wao ndio wanaoufikisha mgogoro huko.

Aseme mapema kwamba haya ni malipo ya lipa namba. Neno hilo linaokoa muda. Huduma nyingi za kujirudishia muamala kwenye menyu zimetengenezwa kwa ajili ya hela iliyotumwa kwa namba ya simu, na mhudumu asiposikia tofauti hiyo atakuelekeza huko, utahangaika, na dakika zinakwenda. Rehema anaweza kusema hivi: "Dada, nimelipa lipa namba isiyo sahihi leo saa nane na dakika kumi, 48,500, namba ya muamala ninayo. Nilitakiwa kulipa duka jingine. Naomba muizuie kama bado ipo." Kisha anaomba namba ya malalamiko na kuiandika.

Kuizuia ndiyo kazi ya haraka inayowezekana. Mtoa huduma akikuta hela bado iko kwenye akaunti ya mpokeaji anaweza kuishikilia, kisha anamtafuta mpokeaji ili akubali au apinge. Hawezi kuichomoa tu kwa maneno yako, na hilo ni jambo jema ukilitazama kutoka upande wa muuzaji: vinginevyo mtu angenunua friji, akaipakia kwenye kirikuu, kisha akapiga simu kudai amekosea. Uliweka namba ya siri, na kwa mfumo hayo yalikuwa maagizo yako. Kama mpokeaji ameshaitoa hela kwa wakala au ameihamisha, kurudishwa kwa njia hii kunakwama, na hapo linakuwa suala la mtu kudai haki yake.

Ndiyo maana kesi ya stika iliyobandikwa juu ya nyingine isiishie kwenye simu. Piga picha stika kabla mwenye duka hajaibandua kwa hasira, kwa sababu akishaibandua ushahidi umeisha. Yeye na Rehema waende kituo cha polisi, wapate RB. Mwenye duka ana sababu kubwa kuliko Rehema, maana hajui ni wateja wangapi wameshalipia ile stika, na namba ya RB humpa mtoa huduma msingi wa kuendelea na uchunguzi. Lipa namba ya tapeli nayo imesajiliwa kwa mtu, na polisi wanaweza kumuulizia kwa namna ambayo Rehema hawezi.

Usipopata majibu kwa mtoa huduma, malalamiko yanapanda kwenda Benki Kuu, ambayo ndiyo inayosimamia watoa huduma za malipo chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Lakini watakuuliza kama ulianzia kwa mtoa huduma, na watataka namba ya malalamiko. Asiyekuwa nayo hurudishwa mwanzo.

Dalili: baada ya kulalamika, unapigiwa simu

Mpigaji anajua umelipa vibaya, pengine hata anajua kiasi, anasema anatoka kitengo cha kurudisha miamala na anahitaji namba ya siri au namba sita zilizoingia kwenye meseji. Wanaosimulia mikasa yao kwenye makundi ya mtandaoni hupigiwa namna hii kwa sababu wameweka picha ya muamala hadharani. Kurudishiwa hela hakuhitaji namba yako ya siri kwa hali yoyote. Hakuhitaji wewe kuskani QR nyingine pia: ukiskani na kuweka namba ya siri unalipa, hupokei. Meseji ya namna hiyo ihamishie namba 15040, ile ya kuripoti utapeli, pamoja na namba iliyotuma.

Kwa upande wa kaunta: mteja anadai amekosea, arudishiwe

Muuzaji naye ana dalili zake. Mteja anaonyesha kioo chenye meseji nzuri kabisa, anasema ameskani stika yako kwa bahati mbaya, anaomba taslimu sasa hivi ana haraka. Usiangalie kioo chake. Meseji inaweza kuandikwa na mtu yeyote na picha inaweza kuwa ya wiki iliyopita. Angalia mapokezi ya lipa namba yako mwenyewe, tafuta namba ya muamala ileile, kiasi kilekile. Ikiwa haipo, haijafika kwako, na hakuna cha kurudisha.

Ikiwa ipo, bado kuna swali moja la kumuuliza: ameshapiga simu kwa mtandao wake? Kama ameshapiga na ombi liko wazi, unaweza kumpa taslimu mchana na jioni mtandao ukakata hela hiyohiyo kwenye akaunti yako, wewe ukaambulia hasara ya mara mbili bila yeyote kuwa amedanganya. Dawa yake ni apige tena mbele yako, ataje namba ya malalamiko, aombe lifungwe kwa kuwa anarudishiwa na mfanyabiashara. Baada ya hapo irudishe kwa simu kwenye namba iliyolipa, na sehemu ya maelezo, kama programu yako inayo, andika namba ya muamala wa awali. Wiki mbili baadaye mtu akipiga simu kuuliza kuhusu zile 48,500, utakuwa na mistari miwili ya kumsomea, ya kuingia na ya kutoka.